Madoa ya kawa kwenye nguo za pamba: yanayosemwa na yaliyo kweli

Msimu wa mvua ukiisha na kabati likafunguliwa, nguo za pamba zilizobanana humo hutoka na uvundo, na kwenye kola, mabega na mikunjo ya kiunoni unakuta vidoa vyeusi vidogovidogo, kama mtu kazinyunyizia pilipili manga. Ushauri hapo hautakosekana. Tatizo ni kwamba mwingi wake unachanganya kazi mbili tofauti: kuua ukungu unaoleta kawa, na kuondoa rangi ambayo ukungu huo umeiacha. Ya kwanza ni rahisi. Ya pili ndiyo inayowashinda watu, kwa sababu wanaifanya kwa vifaa vya ile ya kwanza.

Dhana: "Ni uchafu tu, ukifikicha sana utatoka."

Si uchafu, ni kiumbe. Vijimbegu vya ukungu vinaelea hewani kila mahali, na vikitua kwenye pamba yenye unyevu vinachipua nyuzi nyembamba zinazopenya katikati ya nyuzi za kitambaa. Vinakula jasho, mabaki ya sabuni, wanga wa kunyooshea nguo, na mwishowe pamba yenyewe. Aina nyingi za ukungu huu hutengeneza melanini, rangi nyeusi ya jamii moja na ile inayotia weusi nywele zetu. Rangi hiyo imo ndani ya kuta za seli zake, na haiyeyuki kwa maji wala kwa sabuni. Ukifikicha mpaka vidole viume, utakachopata ni kitambaa kilichochakaa na kutoa nywelenywele huku kidoa kikiwa palepale.

Kinachotoka kwa kufua ni tabaka la juu, ule unga mweupe au wa kijivu unaopukutika. Nao una utaratibu wake. Toa nguo nje ikiwa kavu, vaa barakoa, kisha ipige brashi laini pande zote mbili. Ukiilowesha kabla ya kuipiga brashi, unga unageuka tope na kuzama kwenye kitambaa. Baada ya hapo ifue kwa sabuni ya kawaida katika maji ya moto kadiri lebo inavyoruhusu. Pamba nyeupe kwa kawaida huvumilia nyuzijoto 60, na joto hilo linatosha kuua sehemu kubwa ya ukungu.

Ikaguliwe ikiwa bado mbichi, karibu na dirisha. Tafuta kidoa kilichobaki. Na kama kipo, usipige pasi wala usiikaushe kwa mashine ya joto. Endelea na hatua inayofuata nguo ikiwa hivyohivyo mbichi.

Dhana: "Siki inamaliza kila kitu."

Siki inapunguza uvundo, na hilo inalifanya vizuri: kikombe kimoja ndani ya ndoo ya maji, loweka nusu saa, kisha fua. Lakini siki ni asidi dhaifu, haina uwezo wa kuvunja melanini. Wanaoichanganya na magadi soda ili "nguvu iongezeke" wanafanya kinyume chake: vitu hivyo viwili vinabatilishana, povu linaisha, na kinachobaki ni maji yenye chumvichumvi.

La hatari zaidi ni kuimimina siki kwenye dawa yenye klorini. Asidi ikikutana nayo hutoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu kwa mapafu, na bafuni au kwenye chumba kidogo inaweza kumdhuru mtu vibaya. Vivyo hivyo usichanganye klorini na kitu chochote chenye amonia. Ukishatumia siki, suuza nguo mara kadhaa kabla ya kuigusa na dawa nyingine. Mimi naona bora uache siki kabisa siku unayotumia klorini.

Dhana: "Klorini ndiyo dawa, na ikiwa kali ndiyo inafanya kazi haraka."

Hapa pana ukweli nusu. Rangi ya ukungu huondoka kwa kuoksidishwa, yaani kuvunjwa na kitu kinachotoa oksijeni au klorini, na klorini ya majumbani, sodiamu haipokloraiti, ni mahiri kwa kazi hiyo. Ila haichagui. Inavunja rangi ya ukungu, rangi ya nguo, na pia minyororo ya selulosi inayoipa pamba nguvu. Shati lililomiminiwa dawa isiyochanganywa na maji huweza kutoka jeupe kabisa, kisha baada ya kufuliwa mara mbili tatu likaachia matundu palepale palipokuwa na vidoa. Watu husema ukungu umelila. Mara nyingi aliyelila ni mwenye chupa.

Chukua mfano wa shati jeupe la pamba, lenye vidoa vyeusi kwenye kola na mabega. Limeshapigwa brashi, limefuliwa, vidoa vimebaki. Kwanza soma lebo. Kama lina hariri, sufu au nyuzi za kunyumbuka, klorini haifai. Mashati yaliyotiwa dawa ya kutokunjamana nayo yakigusana na klorini huweza kugeuka manjano, na manjano hayo hayatoki kirahisi. Kisha jaribu tone moja la dawa iliyochanganywa kwenye upindo wa ndani, ngoja dakika moja, futa, utazame.

Likivumilia, chukua maji baridi lita 4 na vijiko 4 vya chakula vya dawa, kama mililita 60 hivi. Vaa glavu na ufungue dirisha. Zamisha shati lote badala ya kuchovya kola pekee, maana ukichovya sehemu utabaki na mpaka kati ya palipong'aa na pasipong'aa. Kaa nalo karibu. Vidoa vyepesi huanza kufifia ndani ya dakika 5. Kwenye dakika 10 litoe, na zisizidi 15, hata kama kivuli cha kidoa bado kinaonekana. Suuza mpaka harufu ya dawa iishe, kisha lifue tena kwa sabuni. Kivuli kilichobaki ni bora ukimalize kwa dawa ya oksijeni, inayoelezwa hapa chini, kuliko kurudia klorini.

Dhana: "Nguo ya rangi ikishaingia kawa, basi tena."

Si kweli, na hapa ndipo penye dawa ambayo kwa maoni yangu ingepaswa kuwa ya kwanza kufikiriwa hata kwa nguo nyeupe. Ni ule unga wa kung'arishia unaoitwa sodiamu pakaboneti, unaouzwa kama dawa ya madoa ya oksijeni isiyo na klorini. Ukiingia kwenye maji unaachia haidrojeni peroksidi, ambayo huivunja rangi ya ukungu taratibu na kwa kawaida huiacha rangi imara ya nguo. Kosa la watu wengi ni kuutia kwenye maji baridi, kuloweka robo saa, kisha kusema haufai. Unahitaji joto na muda.

Tuseme ni gauni la pamba la buluu iliyoiva, lenye vidoa pindoni. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana, kwa maji yaleyale utakayotumia. Yeyusha unga kwanza ndani ya maji ya nyuzijoto 40 hadi 50, kijiko kimoja cha chakula kwa kila lita 2, au kipimo cha kwenye pakiti kama kinatofautiana. Ukiumwaga juu ya nguo mbichi, chembe zisizoyeyuka huweza kuchoma rangi na kuacha madoa yaliyopauka. Zamisha gauni lote, weka sahani juu lisielee, na ulitazame kila baada ya saa moja au mbili. Kazi huweza kuchukua saa 6 hadi 8. Maji yakipoa kabisa na viputo vikiisha, dawa imekwisha nguvu, hivyo tengeneza mapya kama bado. Usiyahifadhi kwenye chupa iliyofungwa, kwa sababu gesi yake itaipasua. Nguo zenye vifungo vya chuma au zilizochanganywa na sufu au hariri zisiingie humo.

Kuna kidoa kimoja ambacho hakuna dawa itakayokiondoa. Lowesha nguo uitazame: kama doa ni jeusi kuliko kitambaa, ni rangi ya ukungu, na bado kuna la kufanya. Kama ni hafifu kuliko kitambaa, ukungu umeshaiharibu rangi ya nguo yenyewe, na kuongeza dawa ya kung'arisha kutalipanua tu. Hiyo ni ya kupaka rangi upya au kugeuzwa ya kushindia nyumbani. Halafu vuta kitambaa taratibu kwa vidole gumba viwili, kidoa kikiwa katikati. Kikiachia au kutoa sauti ya kukatika, nyuzi zimeshaliwa, na hapo hakuna wa kuzirudisha.

Dhana: "Anika juani tu, jua litaua."

Jua kali hukausha na kuua sehemu ya ukungu ulio juu, tena hupunguza harufu. Rangi nyeusi hailitetemekei. Kwenye nguo nyeupe, ukipaka maji ya limau na chumvi kisha ukaanika, vidoa vichanga hufifia kidogo. Kwenye nguo ya rangi njia hiyo itakupa kidoa na mpauko juu yake.

Dhana: "Nguo moja ikiingia kawa inaambukiza kabati zima, kwa hiyo itupwe."

Vijimbegu vilikuwamo kabatini hata kabla, juu ya kila nguo. Kinachoamua ni unyevu. Hewa ya ndani ya kabati ikidumu juu ya asilimia 70 hivi ya unyevu, nguo zote zimo hatarini. Vidonge vya nondo si suluhisho hapa, kazi yake ni ya wadudu, na haviondoi unyevu.

Basi kabla ya kurudisha nguo, toa kila kitu, futa mbao kwa maji ya sabuni, ziache wazi mpaka zikauke kabisa, na usogeze kabati mbali na ukuta wa nje kama sentimita 5 ili hewa ipite nyuma. Nguo zisijae mpaka hanga zishindwe kusogea. Vifuko vya kufyonza unyevu vinasaidia, mradi vikilowa vibadilishwe au vikaushwe.

Kilichobaki ni ukavu wa nguo yenyewe. Mgongo wa shati hukauka mapema na kukudanganya. Shika kola, ukanda wa kiuno, mifuko na mishono ya kwapani kwa nyuma ya kiganja: pakiwa baridi kuliko kwingineko, bado pana maji, hata kama mkono haulowi. Siku ya mvua ambayo haiwezekani kuanika, pasi ya moto kwenye sehemu hizo, kisha saa moja nje ya kabati ili mvuke utoke, inatosha. Ukiipiga pasi na kuifungia hapohapo, mvuke wote unaingia nayo ndani.