Hedhi imekatika kabla ya miaka 40: maswali ya dada mmoja na majibu yake

Dokta, nina miaka 34 na watoto wawili. Miezi 7 sijaona siku zangu. Nimepima mimba mara mbili, hakuna. Mama mkwe anasema nimeshakoma. Inawezekana kwa umri huu?

Inawezekana, dada yangu, ila neno "kukoma" tuliweke pembeni kwanza. Ovari zinaweza kupungukiwa nguvu kabla ya miaka 40, na hali hiyo huwapata kati ya mwanamke 1 na 4 katika kila 100. Lakini si sawa na kukoma kwa mama wa miaka 50. Kwake ovari zimemaliza kazi. Kwa mwanamke wa umri wako huwa zinalala na kuamka: mwezi mmoja yai linatoka na hedhi inakuja, kisha kimya cha miezi mingi.

Tena hedhi hukatika kwa sababu nyingine nyingi. Ukitoka kwenye sindano ya miezi mitatu, inaweza kuchukua hata mwaka kurudi. Tezi ya shingo ikivurugika, homoni ya maziwa ikipanda, au mwili ukikonda sana, hedhi inapotea vilevile. Mama mkwe hawezi kuzitofautisha kwa macho, na mimi pia siwezi. Ndiyo maana mwanamke wa chini ya miaka 40 ambaye hedhi yake imepotea au imevurugika kwa miezi 4 au zaidi anapaswa kupimwa, si kuambiwa asubiri.

Usiku naamka nimelowa, mpaka khanga niliyolalia naikamua. Nimemeza dawa za malaria mara tatu mwaka huu na haliishi.

Nikuulize kitu kimoja: mara hizo tatu, ulipimwa au ulinunua dawa tu? Wengi wananijibu kwamba walinunua.

Joto linalotokana na upungufu wa estrojeni, homoni ya kike inayotolewa na ovari, lina mwendo wake. Linaanzia kifuani, linapanda shingoni hadi usoni, moyo unaenda mbio, jasho linatoka, na baada ya dakika chache limepita. Pengine unasikia baridi ukajifunika tena. Ukijipima wakati huo, kipimajoto hakionyeshi homa. Malaria haiji na kuondoka kwa dakika tano namna hiyo: homa hukaa kwa saa kadhaa, kichwa kinauma na viungo vinavunjika. Kwa hiyo safari ijayo weka kipimajoto karibu na mto, kisha andika saa joto lilipoanza na saa lilipoisha. Karatasi hiyo itamsaidia daktari kuliko maelezo marefu.

Ila jasho la usiku likiambatana na kikohozi, kupungua uzito au homa ya kweli, usilipachike kwenye homoni. Hapo kifua kikuu na VVU vipimwe kwanza.

Mwaka jana, siku zangu zilipoanza kuruka, nilipewa vidonge vya majira ili zirudi, na kweli zikarudi. Nikiwa navimeza nilipimwa FSH ikawa 6, nikaambiwa niko sawa. Tangu niache vidonge sijaona tena. Mwezi uliopita nimepima, ikawa 68. Niamini karatasi ipi?

Iamini ya pili. Hapa ndipo wanawake wengi wanapopotezewa mwaka mzima.

FSH ni homoni inayotoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Kazi yake ni kubisha hodi kwenye ovari: lea yai, toa estrojeni. Ovari ikiitika, estrojeni inapanda kwenye damu na tezi inapunguza kubisha. Ovari isipoitika, tezi inabisha kwa nguvu zaidi, na FSH inapanda. Kwa hiyo FSH kubwa haina maana ya homoni nyingi za kike. Maana yake ni mlango uliobishwa sana bila kufunguliwa.

Sasa, vidonge vya majira vina estrojeni ndani yake. Ukivimeza, tezi inadhani ovari imeitika, inanyamaza. Ile 6 ilikuwa kazi ya kidonge. Hata damu uliyoiona kila mwezi haikuwa hedhi yako. Ilitoka kwa sababu ulifika kwenye vile vidonge visivyo na homoni mwishoni mwa paketi.

Karatasi ya pili imepimwa miezi 6 baada ya kuacha vidonge, mimba haipo, hedhi haipo, na 68 imepita mbali mstari wa 25 tunaoutumia kuitambua hali hii. Hayo yanatosha. Kama ingekuwa karibu na mstari, tungerudia baada ya wiki 4 hadi 6, kwa kuwa ovari inaweza kuamka wiki hiyo hiyo unayotolewa damu. Ukitumwa kupima AMH pia, homoni inayokadiria mayai yaliyobaki, uliza itabadilisha nini kabla ya kulipa: kwa hali yako si lazima.

Kipimo kingekuja kinyume, FSH ya chini bila dawa yoyote, tungegeuza macho kwenye tezi yenyewe. Nimekutana na hali hiyo kwa mama aliyevuja damu nyingi sana wakati wa kujifungua, kisha maziwa hayakutoka wala hedhi haikurudi. Dalili zake zilifanana na zako, lakini ugonjwa ulikuwa mwingine na tiba yake tofauti kabisa.

Kilichobaki kwako ni kutafuta chanzo. Muulize mama mzazi na dada zako hedhi zao zilikatika wakiwa na miaka mingapi. Pimwa tezi ya shingo. Kama uliwahi kutibiwa saratani kwa dawa au mionzi, au kupasuliwa ovari, sema. Kipimo cha kromosomu nacho kinahitajika, ingawa si kila hospitali inakifanya. Mara nyingi chanzo hakipatikani, na tiba haisubiri kipatikane.

Watoto ninao. Joto nitalivumilia. Kuna haja ya tiba?

Ipo, na joto ndilo dogo. Estrojeni ndiyo inayolinda mifupa na mishipa ya moyo. Ukiikosa kuanzia miaka 34, utafika 50 ukiwa umeishi miaka 16 bila kinga hiyo, na mifupa inapungua bila kuuma mpaka siku unajikwaa na kiwiko kinavunjika.

Tiba ni kurudisha estrojeni, kwa kidonge au kiraka cha ngozi, pamoja na projesteroni ili ukuta wa kizazi usinenepe kupita kiasi. Inaendelea mpaka umri wa kawaida wa kukoma, karibu miaka 50. Najua utasikia kwamba homoni zinaleta saratani ya matiti. Hofu hiyo ilienea sana baada ya utafiti wa Marekani uliotangazwa mwaka 2002, lakini wanawake wale walikuwa na wastani wa miaka 63 na walikuwa wanaongezewa kitu ambacho mwili ulishaacha kukitoa kwa wakati wake. Wewe unarudishiwa ambacho bado ungepaswa kuwa nacho. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti au kuganda damu kwenye mishipa, huyo mpango wake ni mwingine, kwa hiyo mweleze daktari historia yako yote.

Kwa hiyo mimba haiwezi kuingia tena?

Inaweza. Wanawake kama 5 katika 100 hushika mimba wenyewe baada ya kuambiwa wana hali hii. Anayetaka mtoto nafasi yake kubwa ni yai la kuchangiwa, na asiuziwe dawa za kuamsha mayai, za dukani wala za mitishamba, maana hakuna iliyothibitishwa kuyaamsha. Wewe kama wawili wanatosha, fahamu kwamba homoni za tiba hazizuii mimba. Mwombe daktari akuwekee kitanzi, au atumie vidonge vya majira vyenyewe kuwa tiba yako. Na siku joto litakapotulia ghafla na matiti kuuma, pima mimba.