Hipsi 106 ni za gauni au za mvaaji? Maelezo kwa wanaouza nguo mtandaoni

Malalamiko ya nguo zilizonunuliwa mtandaoni yameongezeka katika dawati letu la biashara hapa Kigoma, na mengi yanafanana. Muuzaji anasema ameandika vipimo sahihi, mnunuzi anasema nguo haimwingii, na tukipima tunakuta wote wawili wanasema kweli. Nimewahi kufundisha ushonaji kabla ya kuingia kazi hii, kwa hiyo naomba nieleze tatizo linapoanzia.

Nichukue lalamiko moja bila kutaja wahusika. Fundi wa Mwanga alishona gauni la kitenge lenye zipu mgongoni, akalitangaza kwa WhatsApp: "Saizi L, hipsi 106." Mama mmoja wa Kasulu alijipima, akapata hipsi sentimita 105. Akalipa, gauni likapanda basi. Lilipofika, lilimpita kifuani vizuri, likakwama kwenye nyonga. Akalivuta kwa nguvu likashuka, lakini kukaa kwenye kiti hakuweza.

Tulipolilaza gauni mezani na kulipima nyonga, tulipata sentimita 53 upande mmoja, yaani 106 kwa mzunguko. Fundi hakudanganya namba. Alichokosea ni kuandika kipimo cha gauni mahali ambapo mnunuzi anasoma kipimo cha mwili. Kitenge cha pamba hakivutiki. Gauni la kubana la kitambaa kama hicho linahitaji nafasi ya sentimita 6 hivi kwenye nyonga, kwa sababu mtu akikaa nyonga hutanuka. Fundi yeyote anajua hili, ndiyo maana akimpima mteja ana kwa ana huongeza inchi mbili au zaidi kabla ya kukata. Ila akiandika tangazo anasahau kuitoa nafasi hiyo. Gauni la nyonga 106 ni la mtu mwenye hipsi zisizozidi 100.

Kwa hiyo kila kipimo kiandikwe mara mbili: gauni lenyewe lina ngapi, na linamfaa mwili wa ngapi. Kulipima, lilaze juu ya meza ngumu, funga zipu, linyooshe kwa kiganja bila kulivuta. Kifua pima kutoka kwapa hadi kwapa, sentimita 2 chini ya mshono wa kwapa. Kiuno pima pale palipo pembamba zaidi, na nyonga pima kama sentimita 20 chini ya kiuno. Zidisha kila kimoja kwa mbili. Urefu uanzie juu ya bega, pale mshono wa bega unapokutana na shingo, ushuke hadi pindo. Tepu ya plastiki iliyotumika miaka mingi hurefuka, hivyo ilinganishe na rula ya chuma kabla ya kuiamini.

Nguo za kuvutika ni habari nyingine. Fulana ya spandeksi inaweza kuwa ndogo kuliko mwili na bado ikakaa vizuri. Hapo sema wazi kwamba inavutika na inabana.

Baada ya hapo kuna kufua. Kitenge ambacho hakijafuliwa hurudi, na kwa kawaida hurudi zaidi kwa urefu wa jora kuliko kwa upana. Usikisie. Kata kipande, chora mraba wa sentimita 50 kwa 50 kwa uzi, kifue kama mteja atakavyofua, kianike, kipige pasi, upime tena. Kipande cha kitambaa cha gauni lile kilirudi hadi 48.5 kwa urefu na 49.5 kwa upana, yaani asilimia 3 na asilimia 1. Gauni lilikuwa na urefu wa sentimita 118, na lilikatwa kwa kufuata urefu wa jora, kwa hiyo pindo lingepanda karibu sentimita 3.5. Kwa mtu aliyetaka gauni la kufunika magoti, hilo si jambo dogo. Nyonga nazo zingetoka 106 hadi 105, na mwili unaofaa ungeshuka hadi 99. Anayefua kitambaa kabla ya kukata hana haja ya hesabu hii, lakini aandike kwamba amekifua.

Tangazo lile lingesomeka hivi: "Gauni la kitenge cha pamba, halivutiki, lina zipu mgongoni. Nyonga za gauni 106, linamfaa mwenye hipsi 94 hadi 99. Linabana nyongani, si la kupwaya. Urefu kutoka begani 118, baada ya kufuliwa mara ya kwanza utabaki kama 114. Aliyevaa pichani ana urefu wa 165 na hipsi 96." Sentensi hizo haziwezi kumshinda mtu anayeweza kupanga bei.

Sasa niseme kuhusu "free size", na "inamfaa mwenye mwili wa kawaida." Hayo si maelezo. Herufi L nayo haitoshi, maana kila kiwanda kina L yake, na nguo ya mtumba inaweza kuwa na lebo ya nchi yoyote na imeshafuliwa mara nyingi. Picha pia haitoshi, hasa kama nguo imebanwa kwa vibanio mgongoni ili ionekane imemkaa mvaaji. Naomba hilo liachwe kabisa.

Wapo wanaoandika "nguo ikiuzwa hairudishwi" na kuamini wamejikinga. Si kweli. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kibiashara unaopotosha, au unaoelekea kupotosha, kwa hiyo kusema hukukusudia hakutoshi kukuondolea lawama. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 nayo inamtaka anayeuza kwa njia hiyo ampe mnunuzi maelezo ya kutosha ya bidhaa kabla hajaamua.

Mnunuzi akija kwetu, tunamuuliza kwanza kama amemwandikia muuzaji, na tunataka kuona ujumbe huo. Halafu alete picha ya tangazo lilivyokuwa siku ya kununua, ujumbe wa malipo, risiti, na nguo yenyewe ikiwa haijafuliwa wala kurekebishwa. Nguo iliyokwisha kufuliwa inatuondolea uwezo wa kusema ilikuwaje. Tunapima pande zote zikiwepo au zikiwa kwenye simu, tunaandika vipimo, kila upande unavithibitisha. Dawati halitoi hukumu. Wasipoelewana, tunawaelekeza Tume ya Ushindani. Muuzaji naye atunze nakala ya kila tangazo, kwa sababu tangazo lililofutwa haliwezi kumtetea.

Lalamiko la Kasulu halikufika huko. Tulipoligeuza gauni ndani nje, tulikuta fundi ameacha akiba ya sentimita 2 kila upande wa kitambaa kwenye mishono miwili ya ubavuni. Aliifungua kuanzia kiunoni hadi pindoni, akatoa sentimita 1.5 kila upande, jumla 6. Nyonga zikafika 112, na hata baada ya kufuliwa mama yule angebaki na nafasi ya sentimita 6 hivi. Nauli ya basi ya kwenda na kurudi alilipa fundi. Akiba hiyo ya mshono nayo ingeandikwa kwenye tangazo, mnunuzi angeomba ifunguliwe kabla gauni halijasafirishwa.