Mafua, influenza au UVIKO-19: dalili huonyesha nini, na kipimo huongeza nini

Mafua ya kawaida, influenza na UVIKO-19 husababishwa na virusi tofauti, lakini vyote hushambulia njia ya hewa, na ndiyo maana wagonjwa wake hufanana. Mafua ya kawaida huja polepole: koo huwasha, chafya hufuata, kamasi hutiririka, na mtu mzima ni nadra kupata homa kali. Influenza huvamia ghafla, kiasi kwamba aliyeamka mzima anaweza kufika jioni akitetemeka kwa homa huku kichwa na misuli vikimuuma. UVIKO-19 ndio unaochanganya, kwa kuwa unaweza kuja kwa sura yoyote kati ya hizo mbili, au usioneshe dalili kabisa.

Mwaka 2020 kulikuwa na dalili moja iliyosaidia kuutambua, nayo ni kupoteza uwezo wa kunusa. Mwenye mafua hukosa harufu kwa sababu pua imeziba, ilhali mgonjwa wa UVIKO-19 aliweza kuikosa hata pua ikiwa wazi. Hata hivyo, tangu kirusi aina ya Omikroni kilipoenea kuanzia mwishoni mwa 2021, dalili hiyo imepungua sana, kwa hiyo anayejihesabu kuwa salama kwa sababu tu bado ananusa vizuri anatumia kigezo kilichopitwa na wakati.

Kipimo nacho kina wakati wake. Tuchukue mtu aliyeanza kuwashwa koo Jumatatu asubuhi, akajipima jioni kwa kipimo cha haraka cha antijeni, na jibu likawa hana maambukizi. Kipimo hicho hutafuta protini za kirusi, na siku ya kwanza huenda bado ni chache mno kuonekana. Akirudia Jumatano, yaani baada ya saa 48, anaweza kukuta mstari wa pili umejitokeza, na katika siku hizo mbili huenda ameshawaambukiza wengine. Kipimo cha PCR hunasa hata kiasi kidogo cha kirusi, lakini kinaweza kuendelea kuonesha maambukizi kwa wiki kadhaa baada ya mtu kupona, hivyo hakifai kuamulia kama bado anaambukiza.

Jibu la kipimo lina uzito hasa kwa wazee, wajawazito, wenye kisukari na wenye kinga dhaifu, kwa kuwa dawa za maradhi haya hazibadilishani nafasi. Oseltamiviri ni ya influenza, na hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 48 tangu dalili zijitokeze. Nirmatreliviri pamoja na ritonaviri ni ya UVIKO-19, nayo huanzwa ndani ya siku 5. Antibiotiki haiui kirusi chochote kati ya hivi. Mgonjwa anayebanwa na pumzi, anayechanganyikiwa au mwenye maumivu ya kifua yasiyoachia apelekwe hospitali mara moja, na kipimo kifanyike hukohuko.