Skani si orijino, na kopi yenye muhuri wa wakili pia si orijino

Siku hizi nasikia sana watu wakisema "orijino iko Google Drive". Hapana. Orijino ni ile karatasi yenyewe iliyotiwa sahihi kwa mkono au iliyotolewa na ofisi husika, skani ni picha yake, hata iwe safi namna gani.

Si kwamba kila karatasi lazima uitunze. Kwa hapa Kenya mimi huuliza hivi: hii ikipotea, kuna mfumo wa kuiprinti ingine iliyo sawa kabisa? Cheti cha PIN ya KRA unaingia iTax unakitoa tena. Invoisi ya eTIMS imezaliwa kwa mfumo, ya karatasi ndiyo kopi. Halafu rekodi za kodi unatakiwa uziweke miaka 5, na zile risiti za karatasi inayochapwa kwa joto zinaweza kufutika zenyewe kabla ya hapo, hasa zikikaa kwenye dashibodi ya gari, kwa hivyo hizo piga skani mapema maandishi bado yanaonekana.

Taito ya shamba ni mambo mengine. Unaenda benki kuomba mkopo, wanataka taito yenyewe waishike, na wewe uko na PDF kwa simu. Hapo unaanza safari ya polisi kuchukua abstrakti, unaapa kwa wakili, tangazo linatoka kwenye Gazeti Rasmi, mnasubiri siku 60 kama kuna mtu wa kupinga, ndio upewe nyingine. PDF itakusaidia kwa namba ya kiwanja tu.

Wosia ndio mbaya zaidi. Kama marehemu alikuwa anauweka mwenyewe na sasa haupatikani, korti inaanza kwa kudhani aliuharibu makusudi ili kuufuta. Familia inaweza kuleta kopi na kupinga dhana hiyo, lakini sasa mzigo wa kuthibitisha uko kwao, na ndugu asiyeutaka huo wosia atashukuru sana.

Sasa kinachonikera ni hii "sitifaidi kopi". Watu wanaipeleka kila mahali kama orijino na wengine wanatupa orijino kwa sababu "wakili ashapiga muhuri". Muhuri ule unasema kitu kimoja tu, kwamba wakili aliweka kopi kando ya orijino siku ile akaziona zinafanana. Ni ushahidi wa kufanana, hauigeuzi kopi kuwa kitu kingine. Na ndio maana ukimpelekea skani uliyoprinti kutoka klaudi, bila karatasi ya kwanza, wakili makini atakataa kupiga muhuri, maana hana cha kulinganisha nacho. Kwa hivyo ukiulizwa kama unayo orijino na unachomiliki ni faili tu, jibu ni "nina skani", halafu anza kutafuta karatasi iko kwa nani kabla haijahitajika.