GB 512 za kuandikwa

"Simu yenyewe inaonyesha kwenye mipangilio kwamba ina GB 512. Itakuwaje feki?"

Namba ile haikupimwa, imeandikwa. Nami nilikosea hapohapo: nilidhani mghushi huishia kwenye boksi, na kwamba ukurasa wa "Kuhusu simu" hausemi uongo. Kumbe ukurasa huo ni programu tu, na aliyepakia mfumo ndani ya simu anaweza kuufanya uandike anachotaka. Programu nyingi za kukagua simu huuliza mfumo huohuo, kwa hiyo hurudia jibu lilelile. Hata kupiga *#06# hakumalizi ubishi, maana namba ya utambulisho inayotokea, IMEI, inaweza kuwa imenakiliwa kutoka simu halali.

Chukulia ghala lenye droo 32, na mlangoni kuna kibao cha 512. Ukileta mizigo michache, hakuna atakayejua. Droo zikijaa, mtunza ghala ana njia mbili. Anaweza kugoma. Au, na huu ndio ufundi wenyewe, anaupokea mzigo wa 33, anauandika daftarini, kisha anafungua droo ya kwanza na kuuweka mahali pa mzigo wako wa zamani. Daftari linaonyesha mizigo 33. Iliyopo ni 32.

Kwa hiyo dawa ni kuijaza simu. Kutoka kwenye kompyuta, hamishia simuni video 40 za takriban GB 1 kila moja. Ziwe video tofauti: nakala za video moja zikilaliana, huenda usitambue. Kama chipu ni ya GB 32, na mfumo umeshajichukulia sehemu yake, matatizo yataanza kabla ya video ya 32. Simu itakataa, itaganda, au itapokea zote kwa adabu. Ikipokea, izime, iwashe, kisha cheza za mwanzo na za mwisho. Faili lenye jina na ukubwa kamili lakini halichezi ndilo mzigo uliofunikwa. Zikicheza zote, umethibitisha GB 40 tu, si 512.

Kamera nayo ina hila ya aina hiyo. Picha inaweza kuandikwa pikseli 12000 kwa 9000, yaani megapikseli 108, ilhali imetoka kwenye kihisi kidogo na programu ikaivuta kama mpira. Piga picha ukurasa wa kitabu ukiwa umesimama mbali kidogo, kisha uikuze: herufi zitakuwa kubwa, lakini zimeyeyuka. Kuziba lenzi moja moja kwa kidole, uone ipi inafanya kazi kweli, pia kunasaidia, ila usihukumu haraka, kwani simu halali nayo hutumia baadhi ya lenzi kwa kazi maalumu tu. Na simu halali ya megapikseli 108 kwa kawaida hutoa picha ya 12, kwa kuunganisha pikseli tisa kuwa moja. Picha ndogo, basi, si ushahidi. Kubwa yenye ukungu ndiyo ya kutilia shaka.