Sabini na Mbili Si Namba ya Moyo Huu

Mwezi uliopita mama mmoja alisafiri kutoka Mbale hadi kliniki yangu akiwa na binti yake, daftari moja na mashine mbili za kupimia presha. "Daktari, ile ya kwanza tulidhani imeharibika," alieleza binti. "Inasema mapigo ni 91 kwa dakika, ukirudia inasema 118. Tukanunua nyingine, nayo ni vilevile." Daftari lilijaa namba, na kila iliyozidi 72 ilikuwa imezungushiwa wino mwekundu. Kwa kuwa wino ulizidi, wiki moja kabla walikuwa wameongeza bisoprololi, dawa yake ya kupunguza kasi ya moyo, kutoka miligramu 5 hadi 10 bila kumuuliza mtu, na tangu hapo mama alikuwa akiona kizunguzungu kila anapoinuka.

Hii 72 imenichosha. Tuliikariri sote shuleni kuwa ndiyo mapigo ya moyo kwa dakika, na ni wastani unaofaa kwa moyo unaoongozwa na kiini chake cha asili. Mama huyu ana mpapatiko wa atria, yaani vyumba vya juu vya moyo hutetemeka ovyo, na hapo kiini hicho hakiongozi tena. Atria hutuma mamia ya ishara kwa dakika, na nodi iliyo kati ya atria na ventrikali, vyumba vya chini vinavyosukuma damu, hupitisha baadhi tu, bila mpangilio. Dawa ya kupunguza kasi humsaidia mlinzi huyo wa mlangoni kuwa mkali zaidi. Hairudishi mdundo wa kawaida.

Lengo ni lipi, basi? Mwaka 2010 jaribio la Uholanzi liitwalo RACE II, lenye wagonjwa 614 wa mpapatiko wa kudumu, lililinganisha lengo la chini ya 110 wakati wa kupumzika na lengo kali la chini ya 80. Waliobanwa hawakupata nafuu zaidi ya wale walioachiwa nafasi, bali walihitaji dawa nyingi zaidi na kufika kliniki mara nyingi zaidi. Ndiyo maana wengi wetu huanza na chini ya 110, kisha tukakaza iwapo mgonjwa bado anahema, anachoka, au kipimo cha ekokadiografia kinaonyesha misuli ya moyo inadhoofika.

Hapa nikiri wasiwasi wangu. Uganda ninawaona wagonjwa wengi ambao vali yao ya mitrali imebanana kutokana na homa ya baridi yabisi ya utotoni. Damu yao huhitaji muda mrefu kupenya tundu hilo dogo, na moyo ukienda mbio muda huo hupotea na mapafu hujaa maji. Jaribio lile halikufanywa kwa ajili yao. Kwao mimi hukaza kuelekea 80 au chini zaidi, nikiongozwa na fiziolojia na uzoefu kuliko ushahidi. Mama wa Mbale hakuwa na tatizo hilo. Vali zake zilikuwa nzima.

Sasa kuhusu zile mashine. Mashine ya presha huhesabu mapigo kwa sekunde chache tu, mkanda unapolegea, na pigo dhaifu lisilofika mkononi hailijui. Kwa hiyo hazikuharibika. Ziliulizwa swali lisilo lao. Nilimketisha mama dakika tano, nikaweka stetoskopu kifuani, na binti akaandika hesabu ya kila robo dakika: 27, 18, 24, 19. Jumla ni 88. Angehesabu robo ya kwanza na kuzidisha kwa nne, angepata 108 na kuogopa. Robo ya pili ingempa 72 kamili, naye angefurahi bure. Kifundo cha mkono kilitoa 76 kwa dakika nzima, kwa sababu mapigo 12 yalikuja haraka mno hata ventrikali haikuwahi kujaa.

Kwa hiyo nyumbani hesabu sekunde 60 kamili, ukiwa umeketi na kupumzika, si mara tu uliposhuka kwenye boda. Aliye na stetoskopu asikilize kifuani. Mwenye vidole tu ajue kwamba hesabu ya mkononi huenda ikawa pungufu.

Kizunguzungu chenyewe hakikutokana na mapigo machache. Presha ya mama ilikuwa 92 kwa 58, maana bisoprololi hushusha presha pia. Tulirudi miligramu 5. Warfarini, dawa yake ya kuzuia damu kuganda, haikuguswa, kwa kuwa kasi nzuri haizuii damu kuganda ndani ya atria, na wanaoiacha kwa sababu "mapigo yametulia" hunirudia na kiharusi.

Baada ya wiki mbili mapigo ya kifuani yalikuwa 101, kizunguzungu kimekwisha, na mama anapanda ngazi bila kuhema. Binti aliuliza wino mwekundu utumike wapi. Nilimwambia: yanapozidi 110 kwa siku kadhaa mfululizo akiwa amepumzika, au yanaposhuka chini ya 50, anipigie simu kabla ya kugusa kidonge. Mama akizimia au akiumwa kifua, waende hospitali moja kwa moja bila kuhesabu chochote.