Sasa, Halafu, Baadaye: ramani ya bidhaa inayofuata kazi yenyewe

Sasa, Halafu, Baadaye ni njia ya kuonyesha mwelekeo wa bidhaa kwa mafungu matatu badala ya miezi. Fungu la Sasa ni la malengo ambayo watu wameyashika leo. Halafu ni ya malengo yaliyokwisha kuamuliwa na kuchambuliwa, yanangoja mtu apate nafasi. Baadaye ni ya matatizo ambayo timu inayajua lakini haijakaa chini kuyapangia kazi. Aliyeueneza mtindo huu ni Janna Bastow, mmoja wa waanzilishi wa ProdPad, na timu nyingi za programu sasa zinautumia.

Unaonekana rahisi, na ndiyo sababu wengi huutengeneza kama picha: safu tatu kwenye slaidi, kadi zimebandikwa, mkurugenzi ameridhika. Wiki ya pili kazi inageuka, lakini hakuna anayekumbuka kusogeza kadi. Wiki ya sita ramani inasema jambo moja na meza za wanaprogramu zinasema lingine. Dawa yake ni kanuni moja: kadi ya ramani haisogezwi kwa mkono. Kinachobadilishwa ni hali ya kazi zilizo chini ya lengo, na kadi inafuata.

Ili kanuni hiyo ifanye kazi, kila fungu lazima liwe na maana inayoweza kuhesabiwa. Lengo lisilo na kazi hata moja iliyoandikwa liko Baadaye. Lengo lenye kazi zilizoandikwa, ambazo zote hazijaanza, liko Halafu. Kazi moja tu ikianza, lengo limeingia Sasa, na hubaki humo mpaka kazi zote ziishe. Zikiisha zote, lengo linakwenda fungu la nne ambalo watu wengi hulisahau, tuliite Pima. Tutalirudia.

Tuchukue mfano wa timu ya watu wanne yenye ofisi Ganjoni, Mombasa, inayotengeneza mfumo wa mawakala wa forodha wanaotoa makontena bandari ya Kilindini. Wana malengo matatu. L1: wakala ajue kontena limeshushwa melini bila kupiga simu. L2: mteja apate ankara moja yenye gharama zote za kontena lake. L3: mwenye mzigo wa Kampala ajue lori limefika mpakani Malaba. Hayo ni matokeo anayoyahisi mtu wa nje, na ndivyo lengo linavyopaswa kuandikwa. "Kuunganisha data ya meli" si lengo, ni kazi, na mahali pake ni chini ya L1.

Jedwali la Google Sheets linatosha kuanzia. Ukurasa wa kwanza unaitwa Kazi: safu A ni namba ya lengo, B ni kazi yenyewe, C ni hali, D ni tarehe hali ilipobadilika mara ya mwisho. Hali ni tatu tu: Haijaanza, Inafanyika, Imeisha. Ukurasa wa pili unaitwa Ramani: A ni namba ya lengo, B ni maneno ya lengo, na C haiandikwi na mtu. Ndani ya C2 kuna fomula hii, kisha inavutwa chini:

```
=IFS(COUNTIF(Kazi!A:A,A2)=0,"Baadaye",
COUNTIFS(Kazi!A:A,A2,Kazi!C:C,"Imeisha")=COUNTIF(Kazi!A:A,A2),"Pima",
COUNTIFS(Kazi!A:A,A2,Kazi!C:C,"Haijaanza")=COUNTIF(Kazi!A:A,A2),"Halafu",
TRUE,"Sasa")
```

Isome kutoka juu. Hakuna kazi? Baadaye. Zote zimeisha? Pima. Zote hazijaanza? Halafu. Kama si mojawapo ya hizo, kuna kitu kimeshikwa na hakijamalizwa, kwa hiyo ni Sasa.

Wengine huandika fomula inayosema lengo liko Sasa iwapo tu kuna kazi yenye hali ya Inafanyika. Inavutia, lakini inayumba. Mtu amemaliza kazi ya tatu Ijumaa jioni na ya nne ataianza Jumatatu; wikendi yote lengo linaonekana limerudi Halafu, na anayeitazama ramani anadhani limeachwa. Lengo lililoanza na halijaisha liko Sasa hata kama siku hiyo hakuna aliyeligusa. Kama halijaguswa kwa muda mrefu, hilo ni tatizo lingine, na lionyeshwe kwa alama yake kwenye safu D ya Ramani:

```
=IF(AND(C2="Sasa",TODAY()-MAXIFS(Kazi!D:D,Kazi!A:A,A2)>7),"Imekwama","")
```

Siku 7 ni makadirio ya timu ndogo ambayo kazi zake ni za siku mbili tatu. Kama kazi zenu kwa kawaida huchukua siku 10 kila moja, alama hiyo itawaka bure kila wakati na watu wataizoea. Afadhali kuzipasua kazi kuliko kuongeza siku.

Sasa tuone kazi inapogeuka. L1 ina kazi 7: tatu zimeisha, ya nne inafanyika, tatu hazijaanza. L2 ina kazi 5 ambazo hazijaanza. L3 haina kitu. Ramani inaonyesha Sasa, Halafu, Baadaye, kama inavyotarajiwa. Kazi ya nne ya L1 ni kupokea data ya makontena yaliyoshushwa, na inahitaji kampuni ya meli itie sahihi makubaliano. Sahihi haiji. Jumatano wanaprogramu wawili wanaamua wasikae bure, wanaichukua kazi ya kwanza ya L2 na kuibadilisha hali iwe Inafanyika. Papo hapo L2 inaingia Sasa. Hakuna kikao kilichofanyika wala slaidi iliyorekebishwa. Siku chache baadaye, siku ya nane tangu L1 iguswe, neno Imekwama linatokea mbele yake. Mtu wa mauzo anayekwenda kuonana na wakala Kizingo akifungua ramani kwenye simu anajua la kusema: ankara ndiyo inayotengenezwa, taarifa ya kontena imesimama, asiiahidi.

Hapo timu inakabiliwa na swali ambalo ramani haiwezi kulijibu. L1 ifanyweje? Hamwezi kuirudisha Halafu, kwa sababu kazi tatu zimekwisha na fomula haitakubali, na haifai kukubali. Njia safi ni kulikata lengo. Kazi tatu zilizoisha zinamwezesha wakala kusajili makontena yake na kuona meli inatarajiwa lini. Hilo lina faida yake, libaki kuwa L1. Kazi nne zilizobaki zipewe namba mpya, L4, na ile ya nne irudishwe hali ya Haijaanza. L1 inakwenda Pima, L4 inakaa Halafu kusubiri sahihi. Maneno ya L1 nayo yabadilishwe yalingane na kilichotolewa kweli, la sivyo mteja atasoma ahadi ambayo haijatimizwa.

Pima ipo kwa sababu kazi kuisha si sawa na lengo kutimia. Ikiwa shabaha ya L1 ilikuwa kupunguza simu za mawakala, basi simu zihesabiwe wiki mbili kabla ya kuanza na wiki mbili baada ya kutoa. Zikibaki zilezile, kazi mpya inaandikwa chini ya L1, na fomula inairudisha Sasa yenyewe. Ramani inayoruka kutoka Sasa hadi "imekamilika" moja kwa moja inampongeza mtu kabla hajafika.

Makosa mengi ya mfumo huu ni madogo, na yanaudhi kwa sababu hayaonekani. La kwanza ni tahajia. Mtu akiandika Haijaanza na kuacha nafasi mwishoni, jedwali linaona neno jingine, hesabu hazilingani, na lengo ambalo hakuna aliyeligusa linatua Sasa. Weka orodha ya kuchagua kwenye safu C ili hali isichapwe kwa mkono. La pili ni kazi zilizoachwa. Kazi ambayo mmeamua kutoifanya ikibaki na hali ya Haijaanza, lengo lake halitafika Pima kamwe. Ihamishieni ukurasa mwingine, pamoja na sababu ya kuiacha.

La tatu ni zito zaidi: kazi zisizo na lengo. Mtu anarekebisha ripoti ya mteja mmoja, mwingine anahamisha seva, na safu A iko tupu. Ramani inabaki nzuri huku nusu ya nguvu ya timu inakwenda pengine. Hesabu yake ni hii:

```
=COUNTIFS(Kazi!B:B,"<>",Kazi!A:A,"")
```

Namba hiyo iwekwe juu kabisa ya Ramani, hadharani. Haiwezi kuwa sifuri, kwa sababu marekebisho ya kila siku yapo siku zote. Lakini ikiwa kubwa kuliko jumla ya kazi zilizo chini ya malengo ya Sasa, ramani haielezi tena wiki ya timu hiyo.

Kuna kishawishi pia cha kuandika kazi za kila wazo mapema, ili lionekane limepanda kutoka Baadaye. Halafu inajaa malengo kumi na neno lenyewe linapoteza maana. Kwa watu wanne, malengo mawili Sasa na matatu Halafu yanatosha. Kazi iandikwe pale tu ambapo mtu angeweza kuianza kesho asubuhi bila kuuliza maswali. L3 ya Malaba ibaki mstari mmoja bila kazi mpaka zamu yake ikaribie. Mambo mengi yatakuwa yamebadilika kufikia hapo.

Timu ikikua, jedwali linachosha, hasa tarehe ya safu D inayotegemea mtu akumbuke. Jira na GitHub hurekodi mabadiliko ya hali zenyewe na huweza kuweka kazi chini ya lengo mama; GitHub Projects inaonyesha hata kiasi gani cha kazi ndogo kimeisha. Mantiki haibadiliki: lengo ni mama, kazi ni watoto, na hali ya mama inatokana na watoto. Angalieni tu kwamba zana hizo pia zinaruhusu kubadilisha hali ya mama kwa mkono. Kubalianeni kwamba hakuna anayefanya hivyo.

Kuhusu tarehe: mafungu haya hayazibebi. Kama kuna tarehe ya sheria, mfano sharti la KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, kuhusu ankara za kielektroniki za eTIMS, iandikwe kwenye safu E ya kazi husika na ionekane wazi, kwa maana KRA haitangoja lengo lifike Sasa. Wateja nao wapewe faili tofauti inayovuta safu A hadi C pekee za Ramani kwa fomula ya IMPORTRANGE, na wawe na ruhusa ya kutazama tu. Kuficha ukurasa wa Kazi ndani ya faili ileile hakutoshi. Na mwenye ruhusa ya kuhariri faili hiyo ya pili anaweza kubadilisha fomula akavuta hata majina ya kazi zenu za ndani.